Dakika 15 za mapumziko: kocha aguse nini, aache nini

*"Shikamoo mwalimu. Nafundisha timu ya mtaa, vijana wa miaka 17 mpaka 20, ligi ya wilaya. Wiki iliyopita tulikwenda mapumziko tumefungwa 1-0, krosi ilipigwa upande wa namba tatu wetu. Nikaongea dakika zote 15. Nilimsema namba tatu, nikawaambia wapige pasi fupi, waache kulalamikia refa, halafu nikatoa 4-4-2 nikaweka 3-5-2. Tukamaliza 4-0 na mabao yote yakapita upande uleule. Mapumziko nirekebishe nini, na nini nikiache?"*

Marahaba, mwalimu. Nianzie kwenye ule mfumo, kwa sababu nadhani ndipo mechi ilipokuponyoka.

Ukicheza 4-4-2, upande wa kushoto una watu wawili: namba tatu nyuma, na namba kumi na moja mbele yake. Ukiweka 3-5-2, upande huo anabaki mmoja, anayepanda na kushuka mstari mzima peke yake. Sasa wapinzani wako walikuwa wakipita hapo na nani? Sikuwepo uwanjani, lakini namba tatu anapoteswa hivyo, mara nyingi si na winga peke yake. Kuna winga wao, namba saba, na nyuma yake beki wao namba mbili anapanda bila mtu wa kumfuata. Ni wawili kwa mmoja. Namba tatu akimfuata winga, beki anapita nje na kupiga krosi. Akimsubiri beki, winga anaingia ndani. Wewe uliona upande unavuja ukaongeza mtu nyuma, ila uliyemwongeza alikaa katikati, na pale palipokuwa panavuja ukatoa mtu.

Kuna la pili. Katika 3-5-2, mpira ukienda pembeni, yule stoperi wa kushoto kati ya watatu lazima atoke kwenda kusaidia. Akitoka, wenzake wawili wanatakiwa wasogee pamoja naye ili nyuma yake pasibaki uchochoro. Kusogea huko hakuelezwi kwa mdomo kwa vijana waliokaa chini ya mwembe wanahema. Kunahitaji wiki kadhaa za mazoezi, tena na mtu wa kupiga filimbi na kuwasimamisha kila wanapokosea. Ndiyo maana mabao matatu zaidi yaliyopita palepale hayanishangazi.

Najua utaniuliza: mbona Liverpool walifanya hivyohivyo Istanbul? Ni swali zuri, kwa sababu mechi ile ndiyo iliyowatia makocha wengi tamaa ya kubadilisha mfumo mapumziko. Tarehe 25 Mei 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, AC Milan walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0. Kocha wa Liverpool, Rafael Benítez, akaweka mabeki watatu, na kati ya dakika ya 54 na ya 60 Liverpool wakafunga mara tatu, wakaja kushinda kwa penalti. Lakini tazama Milan walikuwa wamepangaje. Hawakuwa na mawinga. Katikati walikuwa na viungo wanne, Pirlo, Gattuso, Seedorf na Kaká, na mbele washambuliaji wawili, Shevchenko na Crespo. Liverpool katikati walikuwa na Gerrard na Alonso, wawili kwa wanne, na Kaká alikuwa akipokea mpira mbele ya mabeki akiwa huru, anageuka anavyotaka. Bao la tatu lilianzia kwenye mguu wake namna hiyo.

Benítez akamwingiza Dietmar Hamann, kiungo mkabaji, akae kwenye eneo lile la Kaká pamoja na Alonso. Gerrard akapata ruhusa ya kwenda mbele. Mabeki watatu waliwatosha washambuliaji wawili, na pembeni kwa kuwa Milan hawakuwa na winga, mtu mmoja kila upande alitosha. Mabeki walikuwa watatu kama ulivyoweka wewe, lakini kwake mfumo ulikwenda kuongeza mtu mahali palipokuwa na upungufu. Na bao la kwanza la Milan lilikuwa la mpira wa adhabu dakika ya kwanza, Pirlo kapiga, Maldini kaunganisha. Lile halikudai kubadilisha mfumo. Alichokishughulikia ni kile kilichokuwa kikijirudia.

Hata hivyo, usiichukulie mechi ile kama dawa. Kabla Gerrard hajafunga la kwanza, Shevchenko alipiga mpira wa adhabu na kipa Dudek akaupangua. Ungeingia ule, leo tusingekuwa tunaongelea mapumziko yale.

Turudi uwanjani kwako. Sheria inasema mapumziko yasizidi dakika 15, na mwalimu mgeni husikia hivyo akadhani ana dakika 15 za kuongea. Ondoa dakika nne za mwanzo: wanafika, wanakaa, wanakunywa maji, wengine wanakwenda haja, na vichwa bado vina moto wa mechi. Mtu ambaye moyo bado unamdunda kwa nguvu anakutazama usoni lakini hakusikii. Ondoa nne za mwisho, za kuinuka, kuchangamsha misuli na kurudi uwanjani kabla refa hajaanza kuangalia saa. Katikati zinabaki saba. Mimi huongea na wote kwa tano, na mbili nazitumia kwa mmoja mmoja. Ukijipima kwa simu utashangaa jinsi dakika tano zinavyotosha ukiwa na jambo moja, na jinsi zinavyokwisha upesi ukiwa na kumi.

Na kumi hayaingii. Kichwa cha mtu aliyechoka hushika mambo mapya mawili, yakizidi sana matatu, na kati ya hayo hushika lile linalomhusu yeye. Hesabu uliyowapa wiki ile: namba tatu, pasi fupi, refa, mfumo mpya, na nina hakika ndani ya dakika 15 kulikuwa na mengine uliyoyasahau. Ukitaka kujua walichobaki nacho, fanya jaribio dogo. Kabla hawajaingia, muulize mchezaji mmoja pembeni, taratibu tu: "Wewe kipindi cha pili unafanya nini?" Akikujibu "tupambane, mwalimu," hakubaki na kitu.

Zile dakika nne za mwanzo ni za kazi yako, ila si ya kuwasemesha wachezaji. Kaa nao mbali kidogo. Mtu wa kwanza kumwona ni anayetibu wachezaji, awe daktari au yule kijana mwenye begi la barafu. Muulize nani hawezi kuendelea. Benítez siku ile alikuwa ameshamwambia beki wake Djimi Traoré kwamba anatoka, ndipo mtaalamu wa viungo akaleta habari kwamba Steve Finnan ameumia. Ikabidi Finnan ndiye atoke na Traoré arudi kuvaa viatu. Enzi zile mabadiliko yalikuwa matatu tu, na moja lilikwishatumika kipindi cha kwanza Kewell alipoumia. Angewatoa wote wawili, angebaki bila mabadiliko kwa dakika 45, na mechi yenyewe ikaja kwenda hadi 120. Kama iliwatokea wao, kwako usipouliza itakutokea kila mwezi.

Wa pili ni msaidizi wako, na huyu lazima awe na karatasi. Hahitaji kompyuta. Mchoree uwanja kwenye ukurasa wa daftari, na kila wapinzani wanapoingia theluthi yetu ya nyuma aweke alama mahali walipoingilia, na kando aandike wangapi wao, wangapi sisi. Kwa dakika 45 atapata alama kumi au kumi na tano. Alama moja ni bahati mbaya. Zikiwa nne au tano sehemu moja, na kando ya kila moja pameandikwa "2 kwa 1," hapo una jambo la kurekebisha. Bila karatasi hiyo utarekebisha bao, kwa kuwa bao ndilo unalolikumbuka, na bao mara nyingi ni la bahati. Kuna mechi tumefungwa kwa mpira uliogonga kichuguu ukaruka juu ya mguu wa beki. Ukitumia mapumziko kuzungumzia kichuguu, umempa mpinzani dakika tano.

Ukishaona mahali, rudi nyuma hatua moja kabla hujasema. Aliyepitwa ndiye anayeonekana, lakini mara nyingi hakuanzisha kosa yeye. Kwa mfano wako, namba tatu alipopitwa, namba kumi na moja alikuwa wapi? Kama alikuwa amesimama mstari wa katikati mikono kiunoni, tatizo lina jina lingine. Na kabla hujamvaa huyo naye, jiulize kama uliwahi kumwambia kwamba beki wao akipanda ni wake. Mara nyingi tunawagombeza kwa kazi ambayo hatukuwapa.

Hapo una njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza, namba kumi na moja amfuate namba mbili wao mpaka mwisho. Ni rahisi kueleza, anaelewa kwa sentensi moja. Gharama yake ni kwamba mkipata mpira atakuwa mbali na goli lao, na baada ya dakika ishirini atachoka. Ya pili, kiungo wa kushoto wa katikati asogee pembeni kila mpira ukienda huko, na namba kumi na moja abaki juu kumtia hofu yule beki asipande. Hii nzuri kama kiungo wako ana mapafu na kama wapinzani hawana mtu hatari katikati, maana utapaacha wazi. Ya tatu, mtoe namba kumi na moja, ingiza kijana mwenye moyo wa kukaba. Ni ya uhakika zaidi, lakini unapunguza makali mbele na wewe unadaiwa bao.

Kwa vijana, na ukiwa nyuma kwa bao 1 tu, ningeanza na ya kwanza kwa dakika 15 za kipindi cha pili, mbadala akiwa tayari ameshapasha misuli. Nisingegusa mfumo kabisa. Namba tatu naye ningemwambia jambo moja, na lisingekuwa lawama: "Winga akiingia ndani muache stoperi amchukue, wewe linda nje." Awe na nafasi moja ya kulinda badala ya mbili.

Maneno yenyewe yangekuwa hivi. Ungepiga magoti mbele yao, maana ukiwasimamia juu ya vichwa wataona unagomba hata kama huongezi sauti. Uchukue chupa mbili na kiatu kimoja, uvipange chini. "Chupa hizi ni namba saba wao na namba mbili wao. Kiatu ni namba tatu wetu. Mnaona? Wawili kwa mmoja." Halafu uweke kiatu cha pili. "Kumi na moja, beki huyu akipanda ni wako mpaka kwenye kona. Akirudi, mwache. Kiungo, mpira tukiupata, mtazame tisa kwanza, maana kumi na moja atakuwa bado anapanda." Umuulize kumi na moja akuonyeshe kwa kukisogeza kiatu yeye mwenyewe. Akikisogeza sawasawa, umemaliza. Hiyo haikuchukua dakika mbili.

Kisha waulize: "Nani ana jambo la kwenye uwanja?" Sema "la kwenye uwanja" ili wasikuletee la refa. Wao wanajua vitu ambavyo wewe kwenye benchi huvioni. Straika atakwambia stoperi wao mmoja anachechemea, kipa atakwambia jua litakuwa machoni mwake kipindi cha pili. Mambo ya namna hiyo yanaingia kwenye mpango bila kumchosha mtu.

Sasa ya kuyaacha, na hapa ndipo walimu wengi tunaposhindwa kujizuia.

Acha ufundi wa mguu na wa mwili. Namna ya kutuliza mpira, namna ya kuruka, mguu dhaifu. Hayo mchezaji anayafanya bila kufikiri, na ukimfanya ayafikirie yanaharibika. Ni kama mtu anayekata vitunguu haraka huku anapiga soga. Mwambie aangalie kisu kinavyopanda na kushuka, atajikata. Nililipa ada ya somo hili miaka yangu ya mwanzo. Kipa wangu alitoka kufuata krosi, akaukosa mpira, tukafungwa. Mapumziko nikampa mhadhara: hesabu hatua, goti juu, ngumi mbili. Dakika ya 60 hivi ikapigwa kona laini, imeelea, ilikuwa yake mchana kweupe. Akabaki kwenye mstari wake, nikimwona midomo inacheza, straika wao akaipiga kichwa mita tatu mbele ya uso wake. Baada ya mechi nikamuuliza alikuwa anasema nini. "Nilikuwa nahesabu, mwalimu." Kosa lile la kwanza lingehitaji kazi ya mazoezini Jumanne, na siku ile lilihitaji tu nimpe maji na kumuuliza habari za ukuta wake.

Acha pia kosa la mtu mmoja mbele ya wenzake, hasa kosa lililokwishatokea na lisilojirudia. Yeye analijua kuliko wewe. Ukilitaja, anarudi kucheza kwa usalama: anaupiga mbele hovyo, anajificha asipewe pasi. Utagundua haraka, maana beki aliyesemwa husimama hatua tatu nyuma ya wenzake akiogopa kupitwa tena, na hapo washambuliaji wao hawaotei. Mabao mliyofungwa kipindi cha pili huenda yalitokana na hilo pia.

"Pigeni pasi fupi" nayo iache, si kwa kuwa ni mbaya bali kwa kuwa haina mahali. Kila mmoja ataitafsiri kivyake, na kwenye uwanja wenye vumbi na mashimo beki akijaribu pasi fupi mbele ya goli lake atawapa wapinzani zawadi. Ukitaka pasi fupi, sema nani ashuke kuipokea na ashuke wapi. Kama huwezi kulisema kwa sentensi moja yenye namba za watu wawili, halikuiva, lipeleke mazoezini.

Refa mwache, ila kadi zake usiziache. Beki mwenye kadi ya njano anayekimbizana na winga mwenye kasi ni hesabu ya kufanya mapumziko, tena kwa ubaridi. Kama namba tatu wako alikuwa na njano, mabadiliko yangekuwa ya lazima hata kama alikuwa anacheza vizuri. Na hapa kuna jambo la sheria ambalo walimu wa ligi za chini hulikosa. Kwenye mashindano yanayoruhusu wachezaji 5 wa akiba kuingia, timu ina nafasi 3 tu za kusimamisha mchezo ili kubadilisha, lakini mabadiliko ya mapumziko hayahesabiwi katika hizo 3. Yaani mapumziko unabadilisha bila kutumia nafasi. Ligi za wilaya huweka kanuni zake, kwa hiyo waulize waandaaji kabla ya mechi, wasije wakakueleza mechi inaendelea.

Kuna mapumziko ambayo hutakiwi kurekebisha chochote. Mnaongoza, au sare, karatasi ya msaidizi ina alama zilizotawanyika, na mnafika golini kwao. Hapo kunywa nao maji, wakumbushe kona za kulinda, basi. Mwalimu anayebuni jambo ili aonekane ameongea anaivunja timu yake mwenyewe.

Mwili nao una haki yake. Wataalamu wa mazoezi waliopima misuli ya mapaja ya wachezaji waliokaa tu mapumziko walikuta imepoa kwa takriban digrii 2, na mbio zao fupi zikapungua kasi kipindi cha pili kilipoanza. Waliofanya mazoezi mepesi kabla ya kurudi hawakupungua hivyo. Vipimo hivyo ni vya nchi za baridi. Kwetu pwani, mechi ya saa kumi jioni mwezi Februari, shida kubwa ni joto, kwa hiyo anza kwa kuwapoza: kivuli, kitambaa chenye maji ya baridi shingoni, maji kwa mafundo badala ya chupa nzima kwa mkupuo, maana tumbo lililojaa halikimbii. Lakini dakika tatu za mwisho wainuke hata hivyo. Wakimbie taratibu, wabadilishe mwelekeo, wakate mbio fupi mbili tatu. Timu nyingi hufungwa mapema kipindi cha pili zikiwa bado zimelala miguuni, na kocha anasema walikosa umakini.

Kuna uamuzi mmoja wa mapumziko ambao hauna mjadala. Mchezaji aliyegongwa kichwa na sasa anauliza swali lilelile mara mbili, hakumbuki matokeo, anatapika au anayumba, hachezi tena siku hiyo, hata akilia. Asiachwe peke yake na apelekwe hospitali. Vivyo hivyo aliyezidiwa na joto akaanza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa: mmwagieni maji mwili mzima papo hapo, mpepeeni, na gari litafutwe huku mkiendelea kumpoza. Hapo mechi inasubiri.

Mkisharudi uwanjani, kwa dakika kumi za mwanzo usiufuate mpira kwa macho. Mtazame namba kumi na moja peke yake. Namba mbili wao akipanda, anamfuata? Akifanya hivyo mara mbili mfululizo, somo limeingia. Asipofanya, mwite mpira ukitoka nje upande wenu, mkumbushe kwa maneno manne. Akishindwa tena mpaka dakika ya 60, ingiza yule uliyemtayarisha. Na kama anafuata vizuri lakini krosi bado zinapigwa, basi nilikosea mimi kukisia na chanzo kiko kwingine, huenda kiungo wao anapiga mpira mrefu kutoka upande wa pili bila kubughudhiwa. Hilo siwezi kulijua nikiwa hapa.

Ndiyo maana nakushauri utafute jicho la pili uwanjani. Chama chenu cha soka cha wilaya au mkoa kina wakufunzi wanaoendesha kozi za awali. Mwombe mmoja aje kwenye mechi moja tu, akae upande wa pili wa uwanja, mbali na benchi lako, na mapumziko asiseme neno. Akusikilize unavyoongea, achukue muda kwa saa yake, na baada ya mechi awaulize wachezaji watatu walikumbuka nini. Ukikosa mkufunzi, mpe mtu simu apande mahali pa juu, hata kwenye ukuta wa shule, arekodi uwanja mzima badala ya kuukimbiza mpira. Rekodi ya wiki iliyopita kama ipo, itazame dakika ishirini za mwanzo za kipindi cha pili, uhesabu mara ngapi yule kijana wa pembeni kushoto alikuwa peke yake dhidi ya wawili. Uniandikie idadi hiyo, na kama namba tatu bado anakuja mazoezini.